Mita 30 Zisizo za Kuogelea

"Saa kali ya Seiko, orijino, otomatiki, inakwenda sawasawa. Haipitishi maji kabisa, mita 30. Chuma tupu, mkanda ngozi halisi, saizi ya kiume. Bei maelewano."

Tangazo hili nimelitunga mwenyewe, lakini anayepitia makundi ya kuuziana vitu kwenye WhatsApp ataapa kwamba alilisoma jana. Na aliyeliandika huenda si tapeli hata kidogo. Ana saa mkononi, anaipenda, anataka iuzike. Kasoro ni kwamba amechanganya katika sentensi chache mambo matatu ya asili tofauti: kile kilichoelezwa na kiwanda saa ilipokuwa mpya, kile alichokiona au kukipima mwenyewe, na kile anachotumaini tu kwamba ni kweli. Mnunuzi hana njia ya kuyatenganisha. Anayasoma yote kama ahadi, na akiingia baharini na ile saa Jumapili, Jumatatu atakuwa mlangoni kwa muuzaji.

Tuishike saa moja halisi tulitengeneze tangazo lake upya. Ninaichagua Seiko 5 yenye namba ya modeli SNK809, kwa sababu ilisambaa sana duniani, ilikuwa ya bei nafuu, haitengenezwi tena, na kwa hiyo zinazouzwa leo nyingi zimeshapita mikono ya watu. Uso wake ni mweusi, tarakimu za dakika zimezunguka nje na za saa ziko ndani kwenye duara dogo, mtindo wa saa za marubani wa zamani. Mgongo ni wa kioo, unaona mashine ikifanya kazi. Kwenye ukingo wa mgongo huo pamechongwa 7S26-02J0, na hapo ndipo mwandishi wa tangazo anapotakiwa kuanzia. Sehemu ya kwanza, 7S26, ni jina la mashine. Ya pili, 02J0, ni namba ya kasha. Kuandika "Seiko 5" peke yake hakutoshi, maana jina hilo lipo tangu 1963 na limebandikwa kwenye saa chungu nzima zisizofanana. Seiko 5 za michezo zilizotoka 2019 zina mashine nyingine na kiwango cha maji cha mita 100. Hii yetu ni ya mita 30. Anayenunua kwa jina tu anaweza kudhani anapata ile akaletewa hii.

Sasa neno "otomatiki". Katika saa hii ni neno la kweli: ndani kuna bapa zito la chuma lenye umbo la nusu duara, linazunguka mkono unapotembea, na mzunguko wake unakaza springi inayoendesha mishale. Hakuna betri. Ila otomatiki haziko sawa, na hapa ndipo ugomvi mwingi wa bure unapozaliwa. Mashine ya 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono. Mnunuzi aliyezoea saa za babu yake ataipokea, ataikuta imesimama, atazungusha kifundo cha pembeni mara 30, haitakwenda, naye atapiga simu kusema ameuziwa saa mbovu. Kumbe alitakiwa aitikise kidogo kisha aivae. Vilevile, ukivuta kifundo ili kurekebisha saa, mshale wa sekunde katika mashine hii unaendelea kuzunguka. Huo ndio ulivyoundwa. Na ikivuliwa ikiwa imejaa, itakwenda kama saa 40 kisha isimame, kwa hiyo anayeivaa kanisani Jumapili tu ataikuta imesimama kila wiki. Sentensi mbili kwenye tangazo zinamaliza maswali hayo yote.

Namna ya kuitambua otomatiki bila kuifungua ni kuutazama mshale wa sekunde. Katika 7S26 mashine inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kila sekunde, na jicho linauona mshale kama unateleza. Saa ya betri mshale wake kwa kawaida huruka mara moja kwa sekunde. Kipimo hiki kinatosha kwa saa nyingi, si zote. Zipo saa za betri zinazoteleza, na ipo aina inayowachanganya hata wauzaji wazoefu: zile za Seiko zilizoandikwa Kinetic. Nazo zina bapa linalozunguka, ukizitikisa unalisikia, na wengi huzitangaza kuwa otomatiki. Lakini bapa lile halikazi springi, linazalisha umeme unaohifadhiwa ndani, na anayepiga hatua za sekunde ni kipande cha kwatzi kama katika saa yoyote ya betri. Tofauti si ya maneno tu. Kile kihifadhi umeme huchoka baada ya miaka, na aliyeambiwa "otomatiki, haina cha kubadilisha" ataona ameibiwa siku atakapotajiwa bei ya kipya.

Nyingine ya kuwa nayo macho ni maandishi madogo chini ya uso, "Japan Movt". Yanasema mashine imetoka Japani. Hayasemi kwamba saa imetengenezwa Japani, na muuzaji anayeandika "saa ya Kijapani" kwa kuyategemea hayo ameongeza kitu ambacho hakuna aliyemwambia. Waswisi wanalilinda jambo hili kwa sheria: tangu 1 Januari 2017 saa haiwezi kuandikwa "Swiss Made" mpaka angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza ziwe zimetumika Uswisi, tena mashine iwe ya Uswisi na ifungwe na kukaguliwa huko. "Swiss Movt" ni kauli ndogo zaidi, inayohusu mashine peke yake.

"Inakwenda sawasawa" ni maneno yanayopaswa kufutwa na mahali pake pawekwe tarakimu. Seiko yenyewe, katika maelezo ya 7S26, iliruhusu saa ichelewe hadi sekunde 35 au itangulie hadi sekunde 45 kwa siku. Saa ya betri ya kawaida hukosea sekunde zinazohesabika kwa mwezi mzima. Kwa hiyo aliyetoka kwenye saa ya betri ataiona otomatiki nzima kabisa kuwa mbovu, asipoambiwa mapema. Kupima ni kazi rahisi. Ivae mchana mzima ili ijae, ilinganishe na saa ya simu inayojirekebisha kwa mtandao, iandike, kisha ilaze mezani na uitazame tena kesho yake wakati uleule. Tuseme imetangulia sekunde 22. Iko ndani ya mipaka ya kiwanda, na kwa wiki itakuwa mbele kwa dakika mbili na nusu hivi. Mwandikie mnunuzi sekunde hizo 22. Kama ingetangulia dakika tano kwa siku, hiyo si tabia ya mashine tena, ni ugonjwa. Mara nyingi springi nyembamba ya ndani imeshikwa na sumaku au imegusana na mafuta, na fundi saa hulitambua tatizo hilo haraka.

Tufike kwenye maji, ambako matangazo mengi ndiko yanakozama.

Mita 30 si kina. Ni namna ya kutaja shinikizo. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la karibu bari 1, basi mita 30 ni bari 3, na maana yake ni kwamba saa ya aina hii ikiwa mpya, katika maabara, katika maji yaliyotulia, ilivumilia shinikizo hilo kwa dakika chache bila kuingiza maji. Kiwango cha kimataifa kinachohusika, ISO 22810, hakidai kila saa moja moja ipitishwe kwenye kila jaribio. Kiwanda kinaweza kuchukua sampuli. Tofauti na hicho ni ISO 6425, kiwango cha saa za wapiga mbizi, ambacho kinaanzia mita 100, na kila saa hupimwa kwa shinikizo lililozidi robo juu ya lile lililoandikwa. Kwa hiyo saa yenye mita 200 na neno la wapiga mbizi usoni, na saa nyingine yenye mita 200 tu, hazijafanyiwa mtihani mmoja.

Kwa matumizi ya kila siku, mita 30 ni mvua na kunawa mikono. Mita 50 huvumilia kuogelea kidogo, na anayeingia baharini mara kwa mara atafute 100 au zaidi. Saa isiyo na namba yoyote, kama ile Casio F-91W ya plastiki iliyoandikwa WATER RESIST bila zaidi, ichukuliwe kuwa ya matone tu, hata kama shemeji yako ameogelea nayo Bagamoyo miaka mitano.

Wengi hueleza kwamba saa ya mita 30 haiogelewi kwa sababu mkono unapopiga maji shinikizo hupanda ghafla. Hesabu haikubaliani nao. Mkono unaokata maji kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, ambayo ni kasi kubwa, huongeza shinikizo la kama bari 0.125, sawa na kuzama mita moja na robo. Saa nzima ya mita 30 haishindwi na hilo. Kinachoishinda ni kitu kingine: maji huzuiwa na vipete vyembamba vya mpira, ambavyo mafundi huviita oringi, vilivyokaa chini ya mgongo, kuzunguka shina la kifundo, na katika saa nyingi chini ya kioo. Mpira huo hukauka na kupasuka kwa umri, kwa chumvi, jasho, sabuni na manukato. Kisha kuna joto. Saa iliyokaa kwenye jua la Mombasa mpaka chuma kikaunguza, ukiitumbukiza ghafla kwenye maji, hewa iliyomo ndani inapoa na kusinyaa, na penye upenyo inavuta maji kuingia. Ongeza kifundo ambacho hakifungwi kwa kuzungushwa kama parafujo, ambacho kinaweza kuvutika kidogo kikikwaruzana na nguo bila mwenyewe kujua, na SNK809 ina kifundo cha namna hiyo hiyo.

Ndiyo maana namba ya maji kwenye saa iliyotumika ni habari ya zamani. Ni kweli kuhusu siku ilipotoka kiwandani. Kama mgongo umewahi kufunguliwa na oringi ikarudishwa imejikunja, namba ile imekufa, ingawa maandishi bado yanang'aa. Kwa saa za betri jambo hili ni la kawaida zaidi, maana mgongo hufunguliwa kila betri inapokwisha, mara nyingi mezani kando ya barabara, na ni mafundi wachache wenye mashine ya kupimia shinikizo. Mashine hiyo ipo, haihitaji hata maji: saa huwekwa ndani ya chombo, hewa inashinikizwa, na kipimo kinaangalia kama kasha linabonyea kidogo na kubaki hivyo. Lisipobaki, hewa imeingia, na maji yangeingia vilevile.

Kuna jaribio jepesi zaidi ndani ya kile kiwango cha kimataifa, nalo lafaa kujulikana. Saa hupashwa moto kwenye sahani yenye nyuzi 40 hadi 45 za selsiasi mpaka yote ipate joto hilo, kisha tone la maji yenye nyuzi 18 hadi 25 huwekwa juu ya kioo. Baada ya dakika moja kioo hupanguswa. Ukungu ukionekana upande wa ndani, kuna unyevu ndani ya saa. Fundi makini anaweza kulifanya. Lakini lisisomwe kuliko linavyosema: linafichua unyevu ulioingia tayari, halithibitishi kwamba maji hayataingia kesho.

Muuzaji mwaminifu basi aandike nini? Aandike kwamba kiwanda kiliipa saa kiwango cha mita 30 ilipokuwa mpya, kwamba haijapimwa shinikizo tangu awe nayo, na kwamba mnunuzi aiweke mbali na maji mpaka apimishe. Kama ameipimisha, aseme ilipimwa lini na kwa bari ngapi. Yale maneno "haipitishi maji kabisa" yasiandikwe kwa saa yoyote. Viwango vyenyewe vinazungumzia kustahimili maji mpaka kiasi fulani, wala havina "kabisa".

Ukubwa ni suala jepesi likipimwa na gumu likikisiwa. SNK809 ina kipenyo cha milimita 37. Kipimo hicho hakihesabu kifundo. Ukikihesabu unapata milimita mbili au tatu za bure, na wapo wanaozichukua kwa makusudi kwa sababu saa kubwa zinapendwa. "Saizi ya kiume" haimwambii mtu chochote, na kwa macho ya leo 37 ni saa ndogo kwa wanaume wengi. Picha nayo hudanganya, kwani saa iliyopigwa karibu na kamera hufunika mkono mzima kama sinia. Tumia kalipa ya vernia. Ukiikosa, laza saa juu ya rula na upige picha kutoka juu moja kwa moja. Pima pia urefu kutoka ncha ya pembe za juu zinazoshika mkanda hadi ncha ya pembe za chini, kwa sababu huo ndio unaoamua kama saa itakaa juu ya mkono mwembamba au itaning'inia nje. Katika hii ni kama milimita 43. Unene ni karibu 11.

"Chuma tupu" nayo ichunguzwe. Kasha la SNK809 kweli ni la chuma kisichoshika kutu. Lakini saa nyingi za bei ya chini zimechongwa mgongoni maneno ya Kiingereza yanayosema mgongo ni wa chuma hicho, na muuzaji hulisambaza neno hilo kwenye saa nzima. Yasome mpaka mwisho. Yakitaja mgongo, yametaja mgongo tu, na kasha lenyewe laweza kuwa madini hafifu yaliyopakwa rangi ya fedha au dhahabu. Rangi hiyo huanza kuliwa kwenye pembe, upande wa chini, mahali kamera haifiki isipopelekwa.

Mkanda wa kiwandani wa SNK809 ulikuwa wa kitambaa cha nailoni, upana wa milimita 18 unapoingia kwenye kasha. Saa yetu ya mfano ina mkanda wa kahawia wa ngozi, kwa hiyo si wake wa asili, na jambo hilo lisemwe hata kama mkanda mpya ni mzuri kuliko ule. Je, ni ngozi? Tazama kwenye kingo na ndani ya matundu. Ngozi ikikatwa huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo. Ya bandia huonyesha tabaka laini la plastiki juu na kitambaa chini, na mara nyingi plastiki imeanza kubanduka kwenye tundu linalotumika zaidi. Ukishindwa kuamua, andika "mkanda wa kahawia, sina hakika kama ni ngozi". Magamba ya mamba karibu kila mara ni chapa iliyogandamizwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Kama mtu ana hakika kuwa ni mamba wa kweli, ajue kwamba ngozi hiyo iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuituma nje ya nchi kunahitaji vibali.

Taja pia mkono ambao mkanda unafaa. Ufunge kwenye tundu la kwanza upime mzunguko kwa ndani, kisha tundu la mwisho. Tuseme umepata sentimita 16 na 20. Kwa mkanda wa chuma habari hii ni muhimu zaidi, kwa sababu mwenye saa wa kwanza huenda alipunguza pingili na kuzitupa. Mnunuzi mwenye mkono mnene akiletewa mkanda wa sentimita 17 usio na pingili za ziada, amenunua saa asiyoweza kuivaa.

Limebaki "orijino", neno ambalo ningelishauri liachwe lilale. Mashine ya 7S26 na vipuri vyake viko vingi mno sokoni, na Seiko 5 kuukuu hupakwa uso upya, hubadilishiwa mishale na kioo, kisha hurudi sokoni zinang'aa kama mpya. Mashine ni ya kweli, uso si wake. Badala ya neno hilo, sema unachokijua sehemu kwa sehemu. Sheria nayo iko upande wa mnunuzi: Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012, na zote mbili zinakataza maelezo ya bidhaa yanayopotosha.

Tangazo letu sasa lingesomeka hivi: "Seiko 5, modeli SNK809, imetumika. Mgongoni 7S26-02J0. Otomatiki, haina betri. Hujijaza ikivaliwa, haitiwi ufunguo kwa kifundo. Nimeipima siku moja, ilitangulia sekunde 22. Kasha la chuma kisichoshika kutu, milimita 37 bila kifundo, pembe hadi pembe 43, unene 11. Ina mikwaruzo miwili upande wa kushoto, picha ya tatu. Ilipokuwa mpya ilikuwa na kiwango cha maji cha mita 30. Haijapimwa tangu niinunue, usiingie nayo majini. Mkanda wa ngozi milimita 18, si wa kiwandani, unafaa mkono wa sentimita 16 hadi 20. Sijabadilisha kipuri chochote. Mwenye saa kabla yangu sina habari zake."

Ni refu kuliko la kwanza, na halina neno "kali". Picha za kuandamana nalo ni uso, mgongo ukiwa na namba zinazosomeka, ubavu wa kila upande, mkanda ukiwa umenyooshwa juu ya rula, na video ya sekunde 10 ya mshale ukiteleza. Zipigwe karibu na dirisha, bila taa ya simu, kwa sababu mwanga wa simu hufuta mikwaruzo kwenye chuma na ukungu chini ya kioo, na hivyo viwili ndivyo mnunuzi atakavyovitafuta kwanza akiishika.